Ukivuka mpaka, nani atafunga duka? Namna ya kumwandikia mfanyakazi mpya utaratibu

BUSIA – Mfanyabiashara anayenunua maharagwe Mbale na kuuza sukari Busia hawezi kuwa pande mbili kwa wakati mmoja. Siku anapovuka, ufunguo wa duka hubaki kwa mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo ni kijana aliyeanza kazi wiki iliyopita.

Wenye maduka wengi humfundisha kijana huyo kwa mdomo. Humzungusha dukani asubuhi moja, humwonyesha swichi na droo ya pesa, kisha humwambia apige simu akikwama. Siku tatu baadaye pesa hazilingani na kitabu. Mwenye duka anaona ameibiwa, mfanyakazi anaapa hakuchukua kitu, na hakuna karatasi yoyote inayoweza kuonyesha nani ana haki.

Hilo ndilo lililotokea katika duka moja la rejareja upande wa Kenya wa mji huu, hatua chache kutoka barabara inayoelekea kituo cha pamoja cha mpaka. Duka hilo huuza unga, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni na vyombo vya plastiki. Mwenyewe, mama wa makamo, huvuka kwenda Uganda kununua nafaka mara mbili kwa wiki. Msichana aliyemwajiri alifunga hesabu ya siku yake ya nne akiwa na upungufu wa shilingi 500 za Kenya. Mama alitaka kuzikata kwenye mshahara.

Pesa hizo hazikuwa zimeibiwa. Zilikuwa ndani ya droo ileile, katika noti za nchi nyingine. Zilipatikana baada ya mama kukaa na msichana wake na kuandika, hatua kwa hatua, jinsi duka linavyofunguliwa na kufungwa. Karatasi waliyoiandika sasa imebandikwa ndani ya mlango wa stoo.

Karatasi ya kwanza haikufaa

Rasimu ya kwanza ya mama ilikuwa na mistari minne: fungua duka mapema, panga bidhaa, angalia chenji, jioni piga hesabu na ufunge vizuri. Kwake ilitosha, kwa kuwa alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Kwa mgeni haikusema chochote. Mapema ni saa ngapi? Chenji ikiangaliwa, inatakiwa iwe kiasi gani? Kufunga vizuri ni kufunga vipi?

Maneno kama “angalia”, “hakikisha” na “vizuri” yanamfaa mtu anayejua tayari. Asiyejua anahitaji kuambiwa mambo matatu katika kila hatua: afanye nini, wapi, na ataona nini akiwa amefanya sawasawa. “Angalia chenji” ikageuka kuwa “hesabu chenji ya droo ya kushoto mbele ya aliyekukabidhi, iwe KSh 3,000, andikeni majina yenu wote wawili.” Mtu yeyote anaweza kuifuata hatua hiyo, na jioni mtu yeyote anaweza kujua kama ilifanyika.

Njia iliyowasaidia kuandika rasimu ya pili ni rahisi. Asubuhi moja mama alifungua duka kama kawaida yake, bila kueleza lolote. Msichana alisimama nyuma yake na daftari, akaandika kila alichokiona mkono wa mama ukifanya. Jioni wakarudia. Yakapatikana mambo ambayo mama asingekumbuka kuyataja, kwa kuwa mkono wake huyafanya bila yeye kufikiri. Alisukuma mlango wa nyuma kabla ya kuwasha taa. Aligusa mizani na kutazama sindano. Aliingiza kufuli ndani ya duka na kuziweka chini ya kaunta.

Jambo hilo la mwisho linastahili kuelezwa. Wenye maduka wengi hufungua kufuli asubuhi na kuiacha ikining'inia kwenye komeo la mlango mchana kutwa. Mwizi akiona hivyo, hununua kufuli inayofanana nayo, hupita saa za wateja wengi na kuibadilisha. Jioni mwenye duka hufunga kwa kufuli ya mwizi, bila kujua kwamba ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mwingine. Usiku mlango hufunguliwa bila kuvunjwa, na asubuhi mtu wa kwanza kushukiwa ni mfanyakazi mwenye funguo. Mstari mmoja kwenye karatasi unaziba mwanya huo: kufuli zote ziingie ndani, na jioni kila moja ijaribiwe kwa ufunguo wake kabla ya kufungwa.

Saa na shilingi zina mitego yake

Mpakani kuna maneno mawili ambayo kila mtu hudhani yanaeleweka: saa na shilingi.

Mama alipoandika “fungua saa 7”, alikuwa ameiga namba aliyoiona kwenye simu. Msomaji wa Kiswahili huielewa kuwa ni mchana. Karatasi sasa inasema “saa 1:00 asubuhi (simu inaonyesha 07:00)”, na haiachi nafasi ya ubishi. Kenya na Uganda hutumia saa moja, hivyo Busia shida inaishia hapo. Mwenye duka wa Rusumo ana kazi zaidi, kwa sababu Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa nzima. Hali ni hiyohiyo kati ya Tunduma ya Tanzania na Nakonde ya Zambia. Huko karatasi lazima itaje ni saa ya nchi gani, na ni bora duka liwe na saa ya ukutani, maana simu iliyonasa mtandao wa ng'ambo inaweza kujibadilisha yenyewe.

Shilingi ndiyo iliyomponza msichana. Nchi hizi mbili zote huita pesa yao shilingi, ingawa thamani zake ziko mbali sana. Mtu akiandika “5,000” kwenye daftari la Busia bila alama, kesho yake hakuna anayejua kama alipokea noti moja ya Uganda au mzigo wa noti za Kenya. Karatasi mpya inadai kila kiasi kitanguliwe na KSh au USh. Droo pia iligawanywa: ya kushoto ni ya Kenya, ya kulia ni ya Uganda.

Kisha kuna kiwango cha kubadilisha. Duka hupokea pesa za Uganda kwa kiwango kinachowekwa na mwenye duka asubuhi na kuandikwa juu ya ukurasa wa siku. Katika siku ya mfano wetu kilikuwa USh 30 kwa KSh 1. Mfanyakazi haruhusiwi kukibadilisha hadi jioni, hata mteja akimwambia kwamba duka la jirani linatoa bei nzuri zaidi. Kiwango kikihama katikati ya siku bila kuandikwa, hesabu ya jioni haiwezi tena kukaguliwa.

Kufungua: hatua kwa hatua

Hii ndiyo sehemu ya asubuhi, kama ilivyo ukutani:

1. Fika saa 1:00 asubuhi (07:00). Kabla ya kugusa kufuli, tazama mlango wa mbele na wa nyuma. Kufuli zote tatu ziwepo na zisiwe na mikwaruzo mipya. Ukiona imevunjwa, usiingie. Mpigie Mama na umwite jirani.
2. Fungua mlango wa mbele. Ingiza kufuli ndani, chini ya kaunta.
3. Washa taa. Tembea hadi stoo, tazama dari, sakafu na mlango wa nyuma. Ukiona maji au gunia lililotoboka, liandike kabla ya kulisogeza.
4. Gusa friji. Iwe inanguruma na iwe baridi.
5. Weka pakiti ya sukari ya kilo 1 kwenye mizani. Mizani isome kilo 1 na kidogo sana cha karatasi. Ikisoma vingine, usipime kitu, piga simu.
6. Hesabu chenji mbele ya anayekukabidhi. Droo ya kushoto iwe KSh 3,000, ya kulia iwe USh 50,000. Wote wawili andikeni majina.
7. Andika tarehe na kiwango cha leo juu ya ukurasa.
8. Toa vyombo vya nje. Andika idadi: beseni ngapi, ndoo ngapi, fagio ngapi.
9. Geuza kibao. Duka liko wazi.

Hatua ya 6 ndiyo inayobeba karatasi nzima. Kama mfanyakazi hakuhesabu chenji asubuhi mbele ya mtu mwingine, hesabu ya jioni haina pa kuanzia. Mama alikuwa na desturi ya kuacha droo na pesa “kama elfu tatu hivi”. Katika maneno hayo “kama” na “hivi” kunaweza kupotea shilingi mia mbili kila siku, na lawama ikamwendea mtu asiyehusika.

Kiasi peke yake hakitoshi pia. Noti tatu za KSh 1,000 ni KSh 3,000, lakini hazimsaidii mteja wa kwanza anayedai chenji ya 80. Kwa hiyo karatasi inataja mchanganyiko: noti 5 za 200, noti 10 za 100, noti 12 za 50, sarafu 10 za 20, sarafu 15 za 10 na sarafu 10 za 5. Ukijumlisha unapata 3,000 kamili. Upande wa Uganda ni noti 4 za 5,000, noti 5 za 2,000, noti 12 za 1,000 na sarafu 16 za 500, jumla 50,000. Jioni, kabla pesa nyingine hazijatolewa, mfanyakazi huchagua kwanza noti na sarafu hizi na kuziweka kando kwa ajili ya kesho.

Siku ambayo mama tayari amevuka, anayehesabu pamoja na msichana ni mwenye duka la jirani, na yeye hurudishiwa hisani hiyo siku yake ikifika. Asipopatikana, msichana huzipanga pesa juu ya kaunta, huzipiga picha kwa simu na kumtumia mama kabla ya kumuuzia mteja wa kwanza.

Kufunga: hapa ndipo upungufu huonekana

Makosa mengi ya kufunga hutokana na haraka. Mteja wa mwisho bado anachagua sabuni, mlango uko wazi, na mfanyakazi ameanza kumwaga noti kaunta. Hilo ni hatari kwake na kwa hesabu. Karatasi inaweka mpangilio huu:

1. Saa 1:00 jioni (19:00) geuza kibao. Mteja aliye ndani ahudumiwe, anayekuja aambiwe kwa heshima, “Samahani, tumefunga, karibu kesho.”
2. Ingiza vyombo vya nje. Idadi ilingane na ya asubuhi, ukitoa vilivyouzwa.
3. Pita nyuma ya magunia na stoo. Kusiwe na mtu.
4. Funga mlango wa mbele kwa ndani. Sasa ndipo droo inafunguliwa.
5. Toa chenji ya kesho kwanza, kila upande kwa mchanganyiko wake.
6. Hesabu zilizobaki mara mbili. Kila nchi peke yake. Andika ulichohesabu kabla ya kutazama kitabu cha mauzo.
7. Jumlisha kitabu. Linganisha pande zote mbili.
8. Tia pesa kwenye mfuko wa kitambaa pamoja na karatasi ya hesabu. Weka mahali mlipokubaliana na Mama.
9. Zima taa, redio na feni. Friji usiizime.
10. Jaribu kila kufuli kwa ufunguo wake, kisha funga na uvute kwa nguvu. Kufuli tatu. Tuma ujumbe: “Nimefunga saa 1:40, kufuli 3.” Usitaje pesa kwenye ujumbe.

Hatua ya 6 ina sababu yake. Mtu akishajua kwamba kitabu kinadai 21,110, macho yake huanza kuzitafuta 21,110. Atahesabu mara ya tatu na ya nne, na ataacha pale namba itakapokubaliana naye. Akiandika kwanza alichokiona, namba yake ni ushuhuda.

Malipo ya M-Pesa yana safu yake kitabuni, kwa kuwa pesa hizo haziingii kwenye droo. Msichana hutazama ujumbe uliofika kwenye simu ya duka. Ujumbe anaoonyeshwa kwenye simu ya mteja hauhesabiki, maana unaweza kughushiwa.

Shilingi 500 zilikuwa wapi

Turudi kwenye hesabu iliyokaribia kumkosanisha mama na msichana wake, maana inaonyesha kwa nini pesa za nchi mbili lazima zihesabiwe mbalimbali.

Upande wa Kenya, siku ilianza na chenji ya KSh 3,000. Kitabu kilionyesha mauzo ya taslimu ya KSh 18,460. Kijana aliyeshusha mizigo alilipwa KSh 350 kutoka kwenye droo. Kwa hiyo droo ilitakiwa kuwa na 3,000 kujumlisha 18,460 kutoa 350, yaani KSh 21,110. Zilipohesabiwa zilikuwa KSh 20,610. Pungufu 500.

Mama aliishia hapo, akakasirika. Upande wa Uganda hakuutazama, kwa sababu haukuwa na upungufu. Ulikuwa na ziada, na ziada haimshtui mtu. Droo hiyo ilianza na USh 50,000, mauzo yakawa USh 212,000, ikatakiwa iwe na 262,000. Ilikuwa na 277,000. Zimezidi 15,000.

Kwa kiwango cha siku hiyo, USh 15,000 ukigawa kwa 30 unapata KSh 500. Upungufu wa kushoto ulikuwa sawasawa na ziada ya kulia.

Walipopitia ukurasa walikumbuka. Mteja kutoka ng'ambo alinunua bidhaa za KSh 470. Alitoa noti ya USh 10,000 na ya USh 5,000, ambazo kwa kiwango cha duka ni KSh 500. Msichana alimrudishia chenji ya KSh 30 kutoka droo ya kushoto, akatia noti za Uganda droo ya kulia, na kitabuni akaandika mauzo ya KSh 470 kwenye safu ya Kenya. Kitabu kikasubiri 470 ambazo hazikuingia kushoto, na 30 zikawa zimetoka kushoto bila kuandikwa. Jumla 500.

Msichana alikuwa amempa mteja haki yake hadi shilingi ya mwisho. Hakuwa ameambiwa pa kuandika malipo ya namna hiyo, kwa sababu kitabu hakikuwa na mahali pake.

Sasa kina safu ya malipo mchanganyiko, yenye sehemu mbili tu: imeingia nini, imetoka nini. Muamala ule ungeandikwa “imeingia USh 15,000, imetoka KSh 30”, na usingeonekana kabisa kwenye safu ya mauzo ya Kenya. Hesabu inakuwa 3,000 kujumlisha 17,990, kutoa 30, kutoa 350, ambayo ni KSh 20,610. Upande wa Uganda ni 50,000 kujumlisha 212,000 kujumlisha 15,000, yaani USh 277,000. Droo zote mbili zinalingana na kitabu.

Kanuni iliyoandikwa chini ya karatasi ni kwamba upande mmoja ukipungua, tazama upande wa pili kabla ya kusema lolote. Ikiwa ziada ya huku inabadilika kuwa upungufu wa kule kwa kiwango cha siku, pesa zipo. Ikiwa upande mmoja umepungua na mwingine uko sawa, tafuta kwanza kosa la kuandika. Tofauti inayogawanyika kwa 9 bila kubaki mara nyingi huashiria tarakimu zilizopinduliwa. Mtu aliyeuza kwa 360 akaandika 630 ataonekana amepungukiwa 270, na 270 kugawa kwa 9 ni 30. Hicho ni kidokezo cha mahali pa kuanza kutafuta, hakithibitishi chochote peke yake. Tofauti iliyo sawa na noti moja, kwa mfano 50 au 100 kamili, mara nyingi ni chenji iliyozidishwa.

Sheria inataka nini kabla ya kukata mshahara

Mwenye duka upande wa Kenya hana uhuru wa kukata kila upungufu kwenye mshahara. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinaruhusu kukata pesa zilizopungua kwa uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi, iwapo mkataba wake unataja waziwazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa. Msichana wetu hakuwa na mkataba wenye maneno hayo, na uzembe wake usingeweza kuonyeshwa kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha njia sahihi.

Karatasi ya utaratibu haichukui nafasi ya mkataba. Hata hivyo, ikiwa na majina mawili kwenye chenji ya asubuhi na hesabu iliyoandikwa jioni, kila upande una kitu cha kuonyesha. Inamlinda mfanyakazi mwaminifu kama inavyomlinda mwenye mali.

Jaribio kabla ya kuondoka

Mama hakuvuka mpaka siku karatasi ilipokamilika. Kwa siku tatu alikaa kwenye kiti kando ya friji, akanyamaza, na msichana akafungua na kufunga kwa kusoma ukutani. Sharti lilikuwa moja: msichana akisimama au akiuliza, mama hasahihishi kwa mdomo tu. Anaandika pale ulipokosekana mstari.

Siku ya kwanza msichana alisimama mara tano. Hakujua ufunguo upi ni wa mlango wa nyuma, ndipo kila ufunguo ukafungwa uzi wa rangi yake na rangi hiyo ikaandikwa. Hakujua afanye nini umeme ukikatika wakati wa kuhesabu, ndipo tochi ikawekwa ndani ya droo. Siku ya pili alisimama mara moja. Siku ya tatu hakusimama.

Kisha likafanyika jaribio gumu zaidi. Mpwa wa mama, ambaye hajawahi kufanya kazi dukani, alipewa karatasi hiyo na kuombwa afunge duka. Alikwama kwenye “mahali mlipokubaliana na Mama”. Mstari huo waliuacha makusudi ulivyo, kwa sababu mahali pa kuficha pesa hapaandikwi ukutani. Mfanyakazi huambiwa kwa mdomo, na hilo liliandikwa kama kazi ya mama ya siku ya kwanza.

Karatasi haiwezi kila kitu

Utaratibu huu hauzuii wafanyakazi wawili wanaokula njama, wala haumfundishi mtu kutambua noti bandia. Haufai pia duka likihama au likiongeza bidhaa za kupimwa bila karatasi kurekebishwa. Kwa hiyo kwenye kona ya chini kuna tarehe ya toleo, na karatasi ya zamani huondolewa siku ileile mpya inapobandikwa, ili zisiwepo mbili zinazopingana.

Mtu aliyepata shida zaidi kuifuata alikuwa mama mwenyewe. Alizoea kuchukua KSh 200 za boda boda kutoka kwenye droo bila kuandika, kwa kuwa pesa ni zake. Sasa na yeye anaandika kwenye safu ya matumizi kama mtu mwingine yeyote, na kutia jina lake. Wiki mbili za kwanza, msichana alilazimika kumkumbusha mara tatu. Alimwambia kwa adabu, “Mama, hujatia jina,” na kumsogezea kalamu.